Ngumi Isiyofika

Pigo la kwenye filamu lina sehemu tatu: mkono unaotoka, mkono unaopita, na mwili unaopokea. Ya kwanza na ya tatu huchukua muda, na ndizo ambazo jicho la mtazamaji huzishika. Ya katikati, pale ngumi inapokutana na shavu, ni fupi mno. Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 15 hivi. Ngumi ya mwigizaji inayokwenda mita 4 kwa sekunde huuvuka upana huo kwa chini ya sehemu 4 za mia za sekunde, na kamera inayopiga fremu 25 kwa sekunde hupata fremu moja tu katika muda huo. Baada ya hapo kichwa kinageuka, magoti yanalegea, mkono unatafuta meza ya kushika, pumzi inatoka kwa kishindo. Hayo huchukua sekunde nzima au zaidi, yaani fremu 25 na kuendelea. Mtazamaji anayeapa kwamba alimwona mtu akipigwa ameona fremu moja yenye ukungu, na kisha fremu nyingi za mtu anayeumia.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa kazi nzima ya kupanga mapigano mbele ya kamera. Kama mguso wenyewe hauonekani vizuri hata ukitokea, basi si lazima utokee. Mwaka 1925 Sergei Eisenstein alilionyesha jambo hili katika filamu yake kuhusu manowari ya Potemkin, kwenye tukio maarufu la ngazi za Odesa. Askari anaonekana kwa karibu akiinua upanga na kufyeka kwa hasira. Shoti inayofuata ni uso wa mwanamke mwenye miwani: kioo kimevunjika, damu inamtoka jichoni, kinywa kimeachama. Hakuna shoti hata moja inayoonyesha upanga ukimgusa. Askari na mwanamke hawamo pamoja katika shoti hizo, na kwa jinsi zilivyopigwa isingelazimu hata wawepo mahali pamoja siku moja. Hata hivyo watazamaji wameondoka na kumbukumbu ya jicho lililopasuliwa kwa upanga. Mhariri aliweka sababu, akaweka matokeo, na katikati akili ya mtazamaji ikajaza yenyewe.

Bado wako waongozaji wanaoamini kwamba mwigizaji akipigwa kweli, sini itakuwa ya kweli. Mwili wa binadamu haukubaliani nao. Mtu anayejua kwamba ngumi ya kweli inakuja hufumba macho kabla haijafika, hukaza shingo na kuinua bega. Hayo ni mambo ya mwigizaji anayejikinga, si ya mhusika anayeshtukizwa, na kamera huyaona yote. Kisha shoti hurudiwa. Mara ya pili mmoja ana hofu na mwingine ana hatia, au wote wawili wana hasira. Shavu lililoanza kuvimba halifanani tena na shavu la shoti zilizopigwa asubuhi, na mhariri atakapoziunganisha, uvimbe utatokea na kupotea bila maelezo. Zaidi ya hayo, pigo la kweli mara nyingi ni dogo machoni: linatoka karibu, linakwenda njia fupi, na nguvu yake huishia ndani ya mwili ambako lenzi haifiki.

Gharama yake imewahi kuonekana hata kwa watu wenye fedha na madaktari karibu. Wakati wa kutengeneza Rocky IV, filamu iliyotoka mwaka 1985, Sylvester Stallone alimtaka Dolph Lundgren ampige kwelikweli katika sehemu ya ndondi. Kama Stallone mwenyewe alivyosimulia baadaye, pigo la kifuani lilisababisha moyo wake uvimbe. Akasafirishwa kwa ndege hadi California na kulazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kazi ilisimama kumsubiri. Anayetazama filamu hiyo leo hawezi kunyoosha kidole na kusema ni pigo lipi lililomlaza, kwa sababu kwenye picha halijitofautishi na yale ya kuigiza.

Namna ya kupiga bila kugusa ilipata umbo lake la kudumu miaka ya 1930, katika filamu za bei nafuu za wachunga ng'ombe kule Hollywood. Kabla ya hapo wapiganaji wa filamu walipigana mabegani na vifuani, na yeyote mwenye macho aliona kwamba wanaoneana huruma. Yakima Canutt, mtaalamu wa michezo ya hatari, pamoja na John Wayne ambaye bado alikuwa kijana anayetafuta jina, walizoea kuiweka kamera nyuma ya bega la mmoja wao. Ngumi ikapita mbele ya uso pasipo kuugusa, na aliyelengwa akarusha kichwa chake kwa wakati. Kutoka nyuma ya bega hakuna aliyeweza kuona kwamba kati ya ngumi na taya kulikuwa na nafasi.

Sababu ya ujanja huo kufanya kazi ni kwamba kamera ina jicho moja. Mtu aliyesimama pembeni ana macho mawili, na kila jicho linaona kutoka mahali pake; kwa tofauti hiyo ubongo hupima kina, na mara moja huona kwamba ngumi imepita mbali. Lenzi haina kipimo hicho. Vitu viwili vilivyopangana kwenye mstari wa lenzi, kimoja mbele na kingine nyuma, huonekana vimegusana. Kanuni inayotoka hapo ni moja, na ndiyo inayopaswa kukaa kichwani mwa kila anayepanga mapigano: mwanya kati ya ngumi na mwili ulale kwenye mstari wa kamera. Ukilala kando ya mstari huo, unaonekana. Ndiyo maana shoti ya ubavuni, ambako wapiganaji wawili wanaonekana kwa upande mmoja mmoja, ndiyo mbaya kuliko zote kwa ngumi ya usoni: mwanga unapita kati ya ngumi na shavu, na kila mtu anauona. Na ndiyo maana uamuzi wa kwamba pigo limekubali hufanywa kwa kutazama kwenye skrini ya kamera, si kwa macho ya walioko kwenye seti.

Mwanya wenyewe hupimwa kabla ya mtu yeyote kurusha mkono. Mpigaji ananyoosha mkono wote, ngumi ikiwa imekunjwa, kuelekea pua ya mpokeaji. Kisha anarudi nyuma mpaka kati ya ngumi na pua pabaki shubiri moja, sentimita 20 na ushei. Hapo nyayo za wote wawili zinawekewa alama kwa vipande vya utepe sakafuni. Kwa umbali huo mpigaji anaweza kukosea hatua ndogo, au mpokeaji akasogea mbele kidogo kwa kusahau, na bado pasiwe na mguso. Asiyeridhika na umbali huo hapaswi kuupunguza kwa sababu picha haijakaa vizuri. Anachopaswa kusogeza ni kamera.

Ngumi inayofaa zaidi ni ile ya mzunguko, inayopita mbele ya uso kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ngumi ya mkono wa kulia, ikitazamwa na kamera iliyo nyuma ya bega la kulia la mpigaji, huingia kutoka kulia kwa fremu, hukata mbele ya uso na kutokea kushoto. Kwa muda mfupi inaufunika uso wa mpokeaji kabisa, na kichwa kikionekana tena kiwe tayari kinakwenda kushoto. Ngumi iliyonyooka haina faida hiyo. Lazima isimame hewani mbele ya uso, na mkono unaosimama ghafla husema wazi kwamba umezuiwa na mwenyewe.

Umbali wa kamera nao una kazi yake. Kamera ikirudi nyuma mita 3 au 4, na picha ikakuzwa kwa lenzi ya milimita 85 hivi kwenye kamera ya fremu kamili, vitu vilivyo mbele na nyuma huonekana vimebanana, na shubiri moja hupungua hadi karibu kutoweka. Kinachobana ni kule kurudi nyuma. Lenzi ndefu hurudisha tu ukubwa wa picha. Anayetumia simu huwa anapiga kwa lenzi pana akiwa amewakaribia waigizaji, na lenzi pana kwa karibu hutanua kina: ngumi inakuwa kubwa, uso unakuwa mdogo na wa mbali, na mwanya unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Kama simu ina lenzi ya pili ya kukuza, hiyo ndiyo ya kutumia, na mpiga picha arudi nyuma.

Kuna jambo lingine ambalo simu hulifanya kimyakimya. Katika jua la saa sita hupunguza mwanga kwa kufupisha muda wa shata, pengine hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ngumi inaganda kwenye kila fremu ikiwa kali kama picha ya pasipoti, na mtazamaji anaiona ilivyo hewani peke yake. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata ya 1/50 huacha mkono uburuze ukungu nyuma yake, na ukungu huo huficha mwanya na kuongeza kasi. Kwa hiyo shata hufungwa kwenye 1/50 na mwanga hupunguzwa kwa kioo cheusi mbele ya lenzi, au sini hupigwa kivulini.

Pembe ikishapatikana, kazi kubwa inahamia kwa anayepigwa. Yeye ndiye anayelifanya pigo liwe na uzito, na mambo mawili yakikosewa hakuna pembe itakayomwokoa. La kwanza ni wakati. Kichwa kianze kwenda pale ngumi inapoufikia uso, si kabla. Anayetangulia anaonekana amekwepa, na pigo linageuka kuwa la kukosa. Anayechelewa anaonekana amekumbushwa. Wazoefu wengi huweka kofi la siri: mpokeaji, au mpigaji kwa mkono wake ambao hauonekani, hupiga kofi dogo ngumi inapopita. Sauti hiyo humpa mpokeaji wakati wake, na baadaye humpa mhariri alama kwenye sauti ya seti. La pili ni upande. Kichwa kifuate njia ya ngumi: taya kwanza, shingo ikafuata, bega, kisha kiuno na mguu. Mwili ukienda wote kwa pamoja unaonekana umesukumwa. Ukienda kwa mfuatano huo unaonekana umepigwa.

Kabla ya kila pigo wawili hao hutazamana. Mpokeaji akishaonyesha kwa macho kwamba yuko tayari, mpigaji ndipo anatoa mkono. Mtazamo huo huchukua nusu sekunde na kwenye picha unasomeka kama chuki, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuficha. Pasipo mtazamo hapana pigo, hata kama mwongozaji ameshapaza sauti.

Ili taratibu hizi zionekane zikifanya kazi pamoja, ichukuliwe sini fupi ya ndugu wawili sebuleni. Mdogo, Juma, amegundua kwamba kaka yake Hamisi anauza kiwanja cha marehemu baba yao. Juma anasema, "Kaka, baba hajaoza kaburini na wewe unahesabu pesa." Hamisi anamsukuma. Juma anamrushia ngumi. Hamisi anayumba mpaka kabatini, anarudi, anamkaba koo. Juma anaanguka, na Hamisi anampiga teke la tumbo. Kwenye skrini ni sekunde 15 hivi. Kuna vitendo vinne, na kila kimoja kina namna yake ya kufichwa.

Msukumo unagusa, lakini bila nguvu. Hamisi anaweka viganja vyote viwili juu ya kifua cha Juma, chini ya mifupa ya mtulinga, bila kusukuma. Juma ndiye anayejirusha nyuma kwa miguu yake mwenyewe, naye ameshajua ataishia wapi. Ngumi ni ile iliyoelezwa, kamera nyuma ya bega la kulia la Juma, shubiri moja ikiwa imepimwa. Hamisi anageuka na ngumi na kulifikia kabati kwa kiganja na mkono wa mbele, ambavyo hulipiga kabla bega halijafika. Vyombo vilivyomo ni vya plastiki, hakuna glasi, na kona ya kabati imefungwa sifongo upande usioonekana na kamera.

Kukaba koo kunaonekana kuwa kitendo cha hatari kuliko vyote, lakini kikipangwa ni chepesi. Mikono ya Hamisi haikai kooni. Inakaa kwenye mifupa ya mtulinga na mabegani, vidole gumba vikiwa juu ya mifupa, na Juma anainamisha kidevu kuficha nafasi iliyo wazi. Juma anashika vifundo vya mikono ya Hamisi. Mtazamaji ataona mtu anayejaribu kujinasua, kumbe Juma anaivuta mikono hiyo kuelekea kwake, na Hamisi anaivuta kidogo nje. Misuli ya wote wawili inakaza, mishipa inasimama, uso wa Juma unaiva kwa sababu amebana pumzi mwenyewe, na hakuna uzito wowote unaofika kooni. Akitaka kutoka anaachia, na mambo yameisha. Anayeonekana kuonewa ndiye anayeshika usukani wa kitendo, na ndivyo inavyopaswa kuwa katika kila kukaba, kuvuta nywele na kuburuta.

Juma anaanguka kwa kupiga goti kwanza, kushuka karibu na sakafu, kisha kukalia tako na paja la upande mmoja na kujilaza. Hatangulizi kiganja, kiwiko wala uti wa mgongo. Kama fremu haionyeshi sakafu, godoro linakuwepo. Teke linapigwa kamera ikiwa chini, nyuma ya mgongo wa Juma aliyelala kwa ubavu. Mguu wa Hamisi unakuja na kuzama nyuma ya mwili wa Juma, ambako unakanyaga mto uliowekwa mbele ya tumbo lake, nao ni shubiri moja kutoka tumboni. Juma anajikunja. Kamera haikuona tumbo, na mtazamaji hatalidai.

Mazoezi ya vitendo hivyo vinne huanza kwa kutembea, kwa kuhesabu: moja, sukuma, mbili, tazama, tatu, ngumi. Kisha hufanywa kwa nusu ya mwendo, na hatimaye kwa robo tatu. Kinachopigwa picha ni kile cha robo tatu. Mwendo kamili haufanywi kamwe, kwa sababu mbili. Mwili uliokasirika kwenye eksheni huongeza kasi wenyewe, kwa hiyo lazima iwepo akiba. Pia pigo la haraka mno halisomeki: mtazamaji haoni mkono ukitoka, na asipouona ukitoka hajui kwa nini mtu ameanguka. Siku ya kupiga picha, hata kama mazoezi yalikwisha wiki iliyopita, wapiganaji huyapitia yote tena kwa nusu ya mwendo kabla kamera haijawashwa. Sini hiyo hupangwa mapema katika siku, kwa maana macho ya mtu aliyechoka hukosea umbali kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba amechoka.

Panahitajika pia neno la kusimamisha ambalo halimo kwenye maandishi ya sini. Juma anapokabwa atapiga kelele "niache!" na "basi, kaka!", na hakuna wa kujua ni lini anasema kweli. Likichaguliwa neno lisilo na nafasi katika ugomvi ule, mathalani "ndizi", yeyote anaweza kulitamka, awe mwigizaji, mpiga picha au mshika taa, na kila mtu husimama pale alipo. Kwa kuwa koo lililokabwa halitarajiwi kusema, kupiga paja mara mbili kwa kiganja kuna maana ileile.

Picha zikishapatikana, mapigano bado ni ya watu wanaocheza dansi kimya. Sauti ndiyo inayoyapa mwili. Sauti iliyorekodiwa kwenye seti haifai kwa pigo: imejaa viatu, kofi la siri na maagizo, na hata ngumi ya kweli hutoa sauti ndogo isiyovutia. Mwaka 1960, kwa sini ya bafuni katika filamu ya Psycho ya Alfred Hitchcock, sauti ya kisu kikiingia mwilini ilipatikana kwa kuchoma matikiti. Ben Burtt, alipotengeneza sauti za Raiders of the Lost Ark iliyotoka mwaka 1981, alirundika majaketi ya ngozi na kuyatandika kwa gongo la mchezo wa besiboli. Hakuna sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Jaketi la ngozi, kabichi nzima, kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa, na ngumi kwenye paja la mrekodi mwenyewe vinatosha kwa sini ya Juma na Hamisi.

Pigo moja hujengwa kwa tabaka. La kwanza ni upepo wa mkono, unaopatikana kwa kupitisha fimbo nyembamba au kitambaa mbele ya maikrofoni. La pili ni kishindo kizito cha chini, kama kile cha kabichi. La tatu ni mlio mkali wa juu, wa ngozi kwa ngozi. La nne, ambalo wengi hulisahau, ni pumzi ya anayepigwa, na hiyo hurekodiwa na mwigizaji mwenyewe baadaye, akiwa amesimama na kujibonyeza tumbo ili hewa itoke kama ilivyotoka kwenye picha. Pigo la tumboni halihitaji mlio mkali. Linahitaji kishindo na pumzi. Pigo la usoni linahitaji vyote. Vishindo vyote vikiwa na ukubwa mmoja, sikio huchoka kufikia cha tatu na halisikii tena maumivu. Kwa hiyo pigo lenye maana katika hadithi, hapa ngumi ya Juma, ndilo linalopewa uzito, na mengine yanapunguzwa. Sehemu ndogo ya kimya kabla yake, hata fremu 3 au 4 ambazo mvumo wa chumba umepunguzwa, hulifanya liwe kubwa pasipo kuongeza sauti.

Mahali pa kuiweka sauti hupatikana kwa kuutazama mwili. Kishindo kikae kwenye fremu ya kwanza ambapo kichwa kinaanza kwenda, hata kama ngumi ilifika mbele ya uso fremu moja kabla. Masikio na macho ya watu huvumilia sauti iliyochelewa kidogo, kwa kuwa ndivyo ulimwengu ulivyo: mwanga hufika kwanza. Sauti inayotangulia tukio hugundulika mara moja. Anayesita kati ya fremu mbili achague ile ya baadaye.

Uhariri hukamilisha kile ambacho pembe na sauti vimeanzisha. Kwa ngumi ya Juma ziko shoti tatu: uso wake akikunja ngumi na kurudisha kiwiko, ile ya nyuma ya bega, na ya tatu iliyo karibu zaidi na Hamisi lakini kutoka upande uleule wa kamera, ili kichwa kinachokwenda kushoto kwenye ya pili kiendelee kwenda kushoto kwenye ya tatu. Kamera ikihamia nyuma ya Hamisi, ngumi ileile itaonekana ikitoka kushoto kwenda kulia, na mtazamaji atahisi kuna kitu kimegongana bila kujua ni nini. Ukataji wa kwanza hufanyika kiwiko kinapoanza kwenda mbele, maana jicho linalofuata mwendo halioni ukataji. Ndani ya shoti ya pili, kama kuna fremu moja au mbili ambazo mwanya umejitokeza, huondolewa. Ngumi inaruka kidogo, na kuruka huko husomeka kama nguvu.

Wahariri wa filamu za mapigano za Hong Kong walipenda njia iliyo kinyume. Pigo linapotua, wanakata kwenda kwenye shoti pana zaidi na kurudisha fremu 2 au 3, hivyo mguso unaonekana mara mbili kwa muda mfupi usiohesabika. Jicho hupoteza kitu kidogo kila picha inapobadilika, na marudio hayo hurudisha kilichopotea. Njia zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni kukata mara nyingi mno: ikiwa kila tendo limekatwa vipande vitano, mtazamaji hajui tena nani amempiga nani, na woga wake kwa ajili ya Juma unakufa, kwa sababu mtu humhofia yule anayemwona.

Mbinu hizi zina mpaka. Haziwezi kuficha mwanya katika shoti moja ndefu inayozunguka wapiganaji, isipokuwa kila pigo limepangwa lianguke kamera ikiwa mahali pake, na hilo hudai mazoezi ya siku nyingi. Haziwezi kufanya silaha ya chuma iwe salama. Kisu cha mpira kitumike hata kwa mbali. Chupa ya sukari huvunjika kwa urahisi lakini vipande vyake bado huingia machoni, kwa hiyo hupigwa begani au mgongoni, si kichwani. Na haziwezi kumpa ujuzi mtu asiyekuwa nao: kuanguka ngazini, kupitia dirishani na kurushwa na gari ni kazi ya waliofunzwa, na pasipo mtu wa namna hiyo sini huandikwa upya.

Makosa hupimwa kwa njia nyepesi. Sini ikishahaririwa, itazamwe bila sauti: pigo ambalo haliaminiki likiwa kimya lina kasoro ya pembe au ya mpokeaji, na hakuna kishindo kitakachoitibu. Kisha isikilizwe bila picha: kama haieleweki nani ameumia na wapi, pumzi zimesahauliwa. Mwisho ipitishwe fremu kwa fremu, na popote mwanga unapoonekana kati ya ngumi na shavu, fremu hiyo itoke.

Vifaa vya kufanya hivi havizidi utepe wa sakafuni, mto, kabichi, jaketi kuukuu na saa chache za mazoezi, na vyote vinapatikana kwa kundi lolote linalotengeneza filamu kwa simu. Kwa hiyo hakuna udhuru wa umaskini katika jambo hili. Mwongozaji anayemwambia mwigizaji wake "mpige kweli" anakiri tu kwamba hajui pa kuiweka kamera, na mwigizaji anayo haki ya kukataa mpaka atakapojua.